Kidole kimekataa na maji yanakupwa: kwa nini simu humkana mwenye fedha zake

Tulimkuta mama huyu katika gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, ameketi juu ya tenga tupu. Ni mfanyabiashara wa kaa. Huwanunua kwa vijana na akina mama wanaowatoa matopeni, ndani ya vijito vya mikoko ya delta ya Rufiji, huwafunga miguu kwa kamba, huwapanga katika matenga yenye majani mabichi na kuwapeleka Dar es Salaam wakiwa hai. Mnunuzi wake wa mjini humlipa kupitia benki. Yeye naye hutoa fedha hizo katika programu ya benki iliyomo kwenye simu yake, akawalipa wavuvi, na akamlipa nahodha mafuta ya kurudia delta.

Siku aliyotusimulia, fedha zilikuwa zimekwishaingia. Ujumbe wa benki alikuwa nao. Nahodha alikuwa amewasha mashine, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupwa, na katika vijito vya delta anayechelewa hulala juu ya tope hadi maji mengine. Mama akaweka kidole gumba juu ya kioo cha simu. Simu ikatikisika na kukataa. Akafuta kidole kwa kanga, akarudia. Ikakataa. Akajaribu kidole cha shahada, ikakataa nacho.

“Wanangu, simu ilinikana mbele ya watu,” alituambia. “Fedha ni zangu, kidole ni changu, na simu nimeinunua mwenyewe.”

Kijana wake aliyekuwa pembeni alifanya kile ambacho vijana wengi wangefanya kwa nia njema. Alifungua simu kwa namba ya siri aliyoijua, akaingia katika mipangilio na kuandikisha kidole chake mwenyewe, ili yeye ndiye awe anamfungulia mama. Simu ikafunguka mara moja kwa kidole hicho. Walakini, programu ya benki ilipofunguliwa haikutaka kidole cha mama wala cha mwana. Ilitaka namba ya siri ya benki, ambayo mama alikuwa hajaiandika tangu siku alipounganishwa. Akakisia mara moja, mara mbili, mara tatu. Huduma ikafungwa. Nahodha akaondoka bila fedha, na wavuvi waliokuwa wakingoja malipo yao wakauza kaa wa safari iliyofuata kwa mnunuzi mwingine.

Mkasa huu tumeuchagua kwa sababu ndani yake mna hitilafu tatu zilizo mbalimbali, moja ikiizaa nyingine, ingawa kwa mama yote yalikuwa jambo moja: kidole kimekataa. Anayezitenganisha hitilafu hizi hujua pa kuanzia. Asiyezitenganisha hutengeneza moja kwa namna inayoharibu nyingine, kama alivyofanya yule kijana.

Kidole hakiendi benki

Kwanza tuondoe dhana ambayo tumeikuta kwa watu wengi, kuanzia Bungu hadi Kibiti mjini. Watu hukumbuka kwamba mwaka 2019, tangu tarehe 1 Mei, Watanzania walitakiwa kusajili laini zao upya kwa alama za vidole, na kwamba muda ulipoongezwa, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020. Katika usajili ule, wakala alikuwa na kifaa, ukaweka kidole, na alama ikalinganishwa na ile iliyohifadhiwa na NIDA. Benki nyingi nazo hufanya hivyo mteja anapofungua akaunti. Kwa hiyo watu hudhani kwamba hata wanapoweka kidole juu ya simu zao, alama husafiri hadi benki au hadi NIDA, ikapimwa huko, kisha jibu likarudi.

Sivyo. Alama unayoiandikisha katika simu haitoki ndani ya simu. Na wala haihifadhiwi kama picha. Simu huigeuza kuwa hesabu zinazoeleza mistari ya kidole inaanzia wapi, inakatika wapi na inagawanyika wapi, kisha huziweka katika sehemu iliyotengwa ndani ya simu, ambayo programu nyingine haziruhusiwi kuisoma. Programu ya benki pia hairuhusiwi. Yenyewe huuliza swali moja tu: je, mwenye kidole hiki ni miongoni mwa walioandikishwa? Simu hujibu ndiyo au hapana.

Jibu likiwa ndiyo, hutokea jambo la pili. Siku ulipokubali kuingia kwa kidole, programu ya benki ilitengeneza ufunguo wa siri na kuuficha ndani ya simu hiyo hiyo. Kidole hufungua kisanduku chenye ufunguo, na ufunguo ndio unaoithibitishia benki kwamba simu hii ni ile iliyokubaliwa siku ile. Kwa maneno mengine, benki haikijui kidole chako. Inaujua ufunguo uliomo katika simu yako.

Hivyo basi ipo milango miwili. Wa kwanza ni wa simu, unaosema kidole hiki ninakitambua au sikitambui. Wa pili ni wa benki, unaosema ufunguo huu ninaukubali au siukubali. Mama yetu alikataliwa na mlango wa kwanza. Kijana akaufungua kwa namna iliyoufunga wa pili. Na kukisia namba ya siri kukaongeza komeo la tatu, lililo kwa benki kwenyewe, ambalo hakuna fundi simu wa Kibiti awezaye kulifungua.

Njia ya kujua ni mlango gani unaokataa ni nyepesi. Funga simu kabisa, kioo kiwe cheusi, kisha uifungue kwa kidole kile kile. Ikikataa hapo pia, tatizo li katika kidole, katika kihisi au katika kioo, na benki haihusiki. Ikifunguka bila taabu, na programu ya benki peke yake ndiyo inayokataa, basi kidole chako ni kizima na ufunguo ndio uliopotea au uliobatilishwa. Na endapo kidole kimekubaliwa, alama ya tiki imeonekana, kisha duara likaanza kuzunguka bila kikomo, basi milango yote miwili haina neno. Huo ni mtandao, na katika vijito vya delta mtandao hukatika nyuma ya kona moja ya mikoko na kurudi katika kona inayofuata. Kuendelea kubonyeza kidole hapo hakuna faida.

Mistari iliyolika

Tulimwomba mama atuonyeshe vidole vyake. Ncha za gumba na za shahada zilikuwa laini na zenye kung’aa, na kidole cha kati kilikuwa na makovu mawili ya koleo za kaa. Ukipangusa kwa kidole chako mwenyewe husikii mikwaruzo ya mistari. Kamba za kufungia kaa, chumvi, tope na maganda zimeisugua ngozi miaka mingi.

Vihisi vingi vilivyo pembeni au mgongoni mwa simu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Juu ya kibao chake mna vituo vingi vidogo, na kila kimoja hupima umbali wa ngozi. Mstari ulioinuka hugusa kibao, na bonde lililo kati ya mistari huacha nafasi ya hewa. Tofauti hiyo ya mguso na hewa ndiyo inayochora alama. Sasa tazama yatokeayo kwa mtu aliyetoka majini. Maji hujaa katika mabonde, na kihisi hakioni tena tofauti ya mstari na bonde; kwake yote ni mguso mmoja. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri na yakikauka huacha utando. Kwa upande wa pili, ngozi iliyokauka mno, kama ya mtu aliyeshinda akipepeta mpunga, haigusi kibao sawasawa, na alama hutoka vipande vipande.

Simu nyingine zina kihisi chini ya kioo. Hizo humulika kidole na kukipiga picha, au kwa baadhi ya simu za bei kubwa hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kwa simu hizo adui mkubwa aghalabu ni protekta. Mtu hununua simu nzuri, akabandikiwa barabarani kioo kinene cha kinga, na tangu siku hiyo kidole kikawa kinakubali mara moja kwa kumi. Kama hitilafu ilianza siku ya protekta, iondoe ujaribu kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Ikiwa unaihitaji, andikisha kidole upya ikiwa tayari imebandikwa, na katika simu za Samsung washa “Touch sensitivity” iliyo ndani ya “Display”.

Akina dada wametuuliza kuhusu hina. Rangi iliyokwisha kuingia ndani ya ngozi haibadili mistari, na kihisi cha umeme kwa kawaida hakiijali. Kinachosumbua ni ule udongo wa hina usiobanduliwa vizuri, na piko kali inayobabua ngozi hadi ikachunika. Ngozi iliyochunika hurudi na mistari yake ile ile baada ya wiki chache, kwa sababu mistari hiyo huota kutoka tabaka la chini. Iliyolikia kazini nayo hurudi, almuradi kidole kipumzishwe. Kovu la jeraha lililozama halirudi. Hilo ni umbo jipya la kidole, na dawa yake ni kuandikisha upya. Wazee wetu nao wana shida nyingine, kwamba ngozi hulegea na mistari hulala kadiri umri unavyosogea, hata kama hawakushika jembe.

Kwa hali hizi zote, hatua ya kwanza ni ndogo mno. Suuza mikono kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe kwa kitambaa kikavu, kisha pangusa kihisi chenyewe. Kidole kikavu mno kipumulie pumzi ya joto au ukipake mafuta kidogo na kuyafuta. Weka kidole kikae kitako, si kwa ncha, na usikivute kabla simu haijajibu.

Usirudie rudie. Katika simu za Android, makosa 5 mfululizo hukifunga kihisi kwa sekunde 30, na ukiendelea kukosea hufungwa kabisa mpaka uandike namba ya siri ya simu. iPhone nayo huhitaji namba baada ya makosa 5. Tena, kila simu ikizimwa na kuwashwa, hudai namba ya siri kwanza kabla ya kukubali kidole, na Android nyingi hudai namba hiyo walau mara moja katika kila saa 72 hata kama haijazimwa. Wengi huiona siku hiyo kuwa simu imeharibika, kumbe imetimiza zamu yake.

Kosa la kijana mwema

Sasa turejee kwa kijana, kwa kuwa hapa ndipo jambo lilipoharibikia.

Simu haijui majina ya watu. Inajua orodha ya vidole. Kila kidole kilichomo katika orodha ni sawa na kingine, na programu ya benki haina njia ya kuuliza kama aliyeweka kidole ni mama au ni mwanawe. Kama programu ingekubali kila kidole kipya kinachoongezwa, basi yeyote anayeijua namba ya siri ya simu angeweza kuandikisha kidole chake usiku, akachukua fedha asubuhi. Kwa sababu hiyo programu za benki zilizotengenezwa kwa uangalifu hutumia kinga iliyomo katika simu: mara tu kidole kipya kinapoongezwa, ufunguo uliofichwa hubatilika. Haufungwi kwa muda, hufa. Programu haina budi kurudi kwa mwenye akaunti na kumwambia aandike namba ya siri ya benki, ndipo itengeneze ufunguo mwingine.

Kwa hivyo programu ile haikuharibika gatini. Ilifanya kazi iliyowekewa. Iliona kidole kigeni kimeingia katika orodha, ikamdai mwenye mali ajitambulishe kwa siri ambayo ni yake peke yake. Lililopungua ni kwamba mwenye mali alikuwa ameisahau siri hiyo, kwa kuwa kidole kilimzoesha kutoiandika.

Na hapa pana mtego kwa wale wanaotaka kurekebisha vidole vyao kwa haki kabisa. Dawa ya kidole kilicholika ni kukiandikisha upya. Kuandikisha upya ni kuongeza kidole. Kuongeza kidole hubatilisha ufunguo wa benki. Maana yake ni kwamba usiguse orodha ya vidole kabla hujahakikisha kwamba namba ya siri ya benki unaikumbuka. Mpangilio huu ukigeuzwa, mtu hujifungia nje kwa mkono wake.

Njia tuliyomwelekeza mama, baada ya benki kumfungulia, ilikuwa hii. Aliingia katika programu kwa kuandika namba yake ya siri, akahakikisha imekubaliwa. Akiwa ndani, alizima ruhusa ya kuingia kwa kidole katika mipangilio ya programu yenyewe. Kisha alitoka, akaenda kwenye “Settings”, ambayo kwa simu zilizowekwa Kiswahili huandikwa “Mipangilio”, akafungua sehemu ya usalama na ya alama za vidole. (Kwa wenye iPhone, mahali hapo huitwa “Touch ID & Passcode” au “Face ID & Passcode”.) Akavifuta vidole vyote vilivyokuwamo, pamoja na cha mwanawe. Akaizima simu na kuiwasha.

Kisha akachagua vidole. Tulimshauri aache gumba na shahada za mkono wa kulia, ambazo ndizo zinazokaza kamba, na atafute vile visivyofanya kazi nzito. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kushoto vilikuwa na mistari inayoonekana hata kwa macho. Simu nyingi huruhusu vidole 3 hadi 5, na si lazima viwe tofauti. Kidole kimoja kinaweza kuandikishwa mara mbili: mara moja jioni ngozi ikiwa imepumzika, na mara ya pili baada ya kazi, ikiwa katika hali ile ile inayotumika gatini.

Kuandikisha kwenyewe kunataka subira. Kihisi ni kidogo kuliko kidole, na kila mguso huona kipande tu. Ndiyo maana simu hukuambia uguse tena na tena. Watu wengi huweka kitovu cha kidole mahali pale pale kila mara, wakamaliza upesi, kisha siku kidole kikikaa upande, simu haikitambui. Mgeuze mgeuze: kitovu, ncha, upande wa kulia, upande wa kushoto, na kwa pembe ile ambayo mkono huishika simu kila siku. Mama alichukua kama dakika 3 kwa kidole kimoja, huku mwanawe akimharakisha.

Mwisho alirudi katika programu ya benki, akawasha tena ruhusa ya kidole, akaandika namba ya siri kwa mara ya mwisho, na ufunguo mpya ukatengenezwa.

Lipo jambo ambalo vijana wa kutengeneza simu hulikimbilia, nalo ni kuifuta programu na kuiweka upya. Hilo halimtengenezi kidole hata kidogo, na lina gharama. Programu iliyofutwa huisahau simu, na ikirudishwa hudai usajili wa kifaa kama siku ya kwanza, kwa namba ya uhakiki inayotumwa katika laini iliyosajiliwa benki. Kama laini hiyo iko katika simu nyingine kule Mbwera, nawe uko Kibiti, umejiongezea safari. Liache liwe la mwisho.

Kwa wanaotumia uso

Wapo wanaoona kuwa uso ni rahisi zaidi, kwa kuwa mikono haihusiki. Kwa iPhone zenye Face ID hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Simu hizo hurusha zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana juu ya uso na kupima vilima na mabonde yake, hata gizani. Lakini simu nyingi za Android za bei ya kawaida zinazouzwa kwetu hutazama uso kwa kamera ile ile ya mbele ya kujipigia picha. Kamera hiyo huona sura bapa, na yumkini ikahadaika kwa picha. Mfumo wa Android huzipanga njia hizi kwa madaraja ya nguvu, na programu nyingi za benki hukubali daraja la juu peke yake. Ndiyo sababu mtu huifungua simu yake kwa uso kila siku, lakini katika programu ya benki haoni mahali pa kuchagua uso. Hakuna kilichoharibika, na hakuna mpangilio wa kubadili. Atumie kidole.

Dada anayevaa nikabu ajue kwamba kamera inahitaji kuuona uso; iPhone za kuanzia toleo la 12 zinaweza kuwekwa zitambue eneo la macho, ila kwa simu nyingine kidole ndicho kinachomfaa. Na asichanganye uso huu na ile picha ambayo benki huitaka wakati wa kufungua akaunti kwa simu. Picha ile hutumwa benki. Uso wa kufungulia programu hubaki katika simu, kama kidole.

Wakati mlango umefungwa

Kidole kikikataa, akaunti haikufungwa. Hili mama hakulijua, na lingemwokoa siku ile kabla hajaanza kukisia. Kidole ni njia mojawapo ya kuingia. Zipo njia nyingine zinazoelekea katika akaunti ile ile kwa mteja aliyejiunga nazo: *150*66# kwa wateja wa NMB, *150*03# kwa wateja wa CRDB, na wakala wa benki aliye karibu. Menyu hizo hazihitaji kidole wala intaneti, bali laini iliyosajiliwa na namba ya siri.

Anayeikumbuka namba ya siri kwa shaka asikisie. Jaribio la kwanza likikosa, asimame. Majaribio machache yakikosekana, benki hufunga huduma kwa upande wake, na hapo hakuna la kufanya katika simu. Mama yetu alilazimika kupanda gari hadi Kibiti mjini, akiwa na kitambulisho na simu yenye laini yake. Afisa hakuugusa mfumo wa vidole, kwa kuwa haumhusu. Alimtambua mteja, akamfungulia huduma, akamwekea namba ya siri mpya ya kuanzia, na mama akaibadilisha papo hapo. Kazi hiyo haikuzidi nusu saa. Safari ya kwenda na kurudi ndiyo iliyomla siku nzima, na kaa sita wakafa.

Kuna hatari nyingine katika saa kama hiyo. Mtu aliyefungiwa nje huwa na haraka, na mwenye haraka humpa simu yeyote asemaye anajua. Wengine huandika shida yao hadharani mtandaoni, na punde hupigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akiomba namba ya uhakiki iliyoingia kwa ujumbe. Benki haina sababu ya kukuomba namba hiyo kwa simu, wala namba yako ya siri. Wewe ndiye upige, kwa namba iliyochapwa katika kadi yako ya benki au iliyobandikwa tawini. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 kwa ujumbe mfupi.

Kuhusu kidole cha mwana, palikuwa na ubishi kidogo mbele yetu. Kijana alisema anakiweka kwa ajili ya dharura. Mama alinyamaza, kisha akatuuliza kama ni lazima. Tulimjibu kwamba si lazima, na kwamba kidole kilichomo katika orodha siku anapowasha ruhusa ya benki kitafungua benki kama chake, mchana na usiku, pasipo kuacha alama ya nani aliyefungua. Kama anataka mwanawe amsaidie kupokea simu na kusoma jumbe, amwandikishe, lakini azime kabisa ruhusa ya kidole katika programu ya benki na kuingia kwa namba yake. Kama anataka benki ifunguke kwa kidole, orodha iwe ya vidole vyake peke yake, na namba ya siri ya simu ibadilishwe, kwa sababu anayeijua anaweza kujiongeza tena.

“Basi nibadilishie nijue mimi,” alisema, kisha akageuka nyuma aandike namba mpya bila sisi kuiona. Mwanawe alicheka na kwenda kuangalia kamba za matenga.

Wiki mbili baadaye alitupigia simu kutoka gatini. Kidole kidogo cha kushoto kilikubali mara ya kwanza, cha pete mara ya pili. Wavuvi wawili kati ya wale waliomhama walikuwa wamerudi. Namba ya siri ya benki, alisema, anaiandika mwenyewe kila Ijumaa ili asiisahau, hata kama siku hiyo hana wa kumlipa.